Intro moja, vipindi kumi na viwili: sikwensi ndani ya sikwensi

Kamwene, na karibuni. Naona wengine mmetoka Makambako na Njombe na kibaridi hiki, kwa hiyo tuingie kazini moja kwa moja.

Tuchukue kazi ambayo wengi hapa Iringa mmeshaigusa kwa namna moja au nyingine: mfululizo wa vipindi 12 kuhusu kilimo cha viazi mviringo. Kila kipindi kinaanza na intro ileile ya sekunde 8. Kwanza shamba linaonekana kutoka juu kwa sekunde 3, kisha viazi mkononi kwa sekunde 2, kisha jina la mfululizo kwa sekunde 3, muziki chini yake na nembo ya mfadhili pembeni. Vipindi tisa vimekwisha kuhaririwa, ndipo mfadhili anatuma nembo mpya. Kama ulikuwa unanakili zile klipu tatu, muziki na nembo kutoka kipindi kimoja hadi kingine, sasa una marekebisho tisa, na bila shaka kimoja kitasahaulika. Kama intro ni sikwensi yake yenyewe iliyowekwa ndani ya kila kipindi, unabadilisha nembo mahali pamoja na vipindi vyote vinafuata.

Nitatumia Premiere Pro kwa mfano mkuu. Programu nyingine nitazitaja baadaye kidogo.

Watu wengi huanza kwa kuteua klipu zilizoko kwenye taimlaini, kubofya kulia na kuchagua `Nest`. Inafanya kazi, lakini kwa intro ya kurudiwa siipendi. Ukiteua picha tu na kuusahau muziki, unapata klipu yenye picha bila sauti, na muziki unabaki nje ukirudiwa kwenye kila kipindi kama zamani. Baadaye ukiingia ndani ukaongeza sauti, huku nje haisikiki, kwa sababu ile klipu haina sehemu ya sauti kwenye taimlaini ya kipindi. Ni bora intro izaliwe ikiwa sikwensi kamili tangu mwanzo. Nenda `File > New > Sequence`, iite `INTRO_VIAZI`, na uipe vipimo vilevile vya vipindi: 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde. Hiyo 25 isipuuzwe. Intro ya fremu 30 ndani ya kipindi cha fremu 25 itapoteza fremu tano kila sekunde, na ile kamera ya juu inayosogea taratibu juu ya shamba itaonekana inaruka-ruka. Watu huilaumu kompyuta, kumbe ni vipimo.

Panga intro yako humo ndani. Sekunde 8 ni fremu 200. Sasa usiishie hapo: irefushe picha ya mwisho na mkia wa muziki kwa sekunde 2 zaidi, ndani ifike fremu 250. Hizo fremu 50 za ziada hazitaonekana kwenye kipindi, lakini zina kazi. Ukitaka intro iyeyukie kwenye picha ya kwanza ya kipindi, Premiere inahitaji fremu za ziada baada ya mkato ili kuyeyusha. Bila hizo itakwambia hazitoshi, au itarudia fremu moja iliyoganda.

Kabla ya kuiburuta intro kwenda kwenye kipindi, tazama juu kushoto kwenye paneli ya taimlaini. Kuna kitufe kidogo ambacho kipanya kikisimama juu yake kinaandika `Insert and overwrite sequences as nests or individual clips`. Kiwe kimewashwa. Kikizimwa, ukiburuta intro haiingii kama klipu moja. Inamwagika vipande vyote, klipu, nembo na muziki, na hapo uhusiano na sikwensi ya asili haupo tena. Utakuja kubadilisha nembo, utafungua kipindi, utakuta ya zamani imekaa palepale. Mtu akiniambia nesti zake zinagoma, mimi huanza na kitufe hicho.

Ikiingia vizuri utaona klipu moja yenye jina `INTRO_VIAZI`. Kata mwisho wake ibaki fremu 200, halafu inakili kwenda vipindi vingine. Sasa jaribu. Bofya mara mbili klipu hiyo, intro itafunguka, andika neno kubwa jekundu katikati, kisha kafungue kipindi cha 1 na cha 12. Neno likionekana kote kuwili, futa na uendelee. Zaidi ya hapo, kwenye paneli ya `Project`, ukiwa katika mwonekano wa orodha, washa safu ya `Video Usage`. Inaonyesha klipu imetumika mara ngapi. Una vipindi 12 na inaandika 11? Basi kuna kipindi kimoja ambacho intro yake ilimwagika, au ilichukuliwa kutoka nakala nyingine. Kitafute kabla mteja hajakitafuta.

Jambo la pili ni kuamua nini kikae ndani na nini kikae nje. Jina la mfululizo, muziki na nembo ni vilevile kila mara, kwa hiyo ndani. Lakini maandishi kama «Kipindi cha 4: Kuchagua mbegu» hubadilika kila kipindi. Ukiyaweka ndani, vipindi vyote 12 vitaitwa kuchagua mbegu. Hayo yakae nje, kwenye treki ya V2 juu ya intro, kuanzia sekunde ya 5 hadi ya 8. Na ukitengeneza intro, acha nafasi tupu pale ambapo maandishi hayo yatakaa, usije ukagundua baadaye kwamba jina la kipindi linaifunika nembo ya mtu anayelipa.

Sasa nije kwenye urefu, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika bila mtu kujua.

Klipu ya intro iliyoko kwenye kipindi ni kama dirisha. Inaonyesha kilichoko ndani, lakini upana wake uliuweka wewe: fremu 200. Ukibadilisha rangi, nembo au muziki ndani, dirisha linaonyesha mara moja. Ukibadilisha urefu ndani, dirisha halijipanui wala halijipunguzi.

Tuseme mfadhili anataka sekunde 2 za nembo yake peke yake mwanzoni kabisa. Unaingia ndani, unaingiza fremu 50 mwanzoni, kila kitu kinasukumwa kulia. Ndani panapendeza. Lakini kwenye vipindi dirisha bado linaonyesha fremu 200 za mwanzo, na sasa katika hizo 50 ni za nembo. Jina la mfululizo lililokuwa likikaa sekunde 3 linakatwa likiwa na sekunde 1, muziki unakatika katikati ya mdundo, na jina la kipindi lililoko V2 linatokea juu ya picha ya viazi. Hakuna ujumbe wa kosa. Programu kwa upande wake haina kasoro.

Ukifupisha inakuwa kinyume chake. Kama ndani pamebaki pafupi kuliko dirisha, mwisho wa klipu utaona mistari ya mshazari, na ukicheza unapata weusi na ukimya. Zile fremu 50 za ziada zinakulinda hapa pia: ukipunguza kidogo, dirisha linaangukia kwenye mkia wa picha, siyo kwenye weusi.

Kurekebisha ni kipindi kwa kipindi. Chukua kifaa cha `Ripple Edit`, herufi `B`, shika mwisho wa intro na uvute kulia fremu 50. Kila kinachofuata kinasogea nacho. Lakini hakikisha alama ya `Sync Lock` imewashwa kwenye treki zote. Treki ambayo imezimwa itabaki ilipokuwa. Dalili yake ni hii: mkulima ndiyo kwanza anafungua mdomo, na maandishi ya alichosema yameshatangulia sekunde 2. Kisha sogeza na jina la kipindi kule V2 kwa fremu 50, kwa sababu limekaa juu ya intro yenyewe, siyo baada yake, na mvuto huo haulihusu.

Ndiyo maana ninashauri urefu wa intro ukubalike na mteja kabla ya kipindi cha kwanza kuhaririwa, na uandikwe: fremu 200. Baada ya hapo chochote kibadilike ndani ya hizo 200. Mfadhili akitaka nembo peke yake, shamba litoe sekunde moja na nusu na viazi vitoe nusu.

Kuna siku kipindi kimoja kitahitaji intro tofauti, tuseme cha mwisho. Usiingie ndani ukabadilisha, utabadilisha vyote. Kwenye paneli ya `Project` bofya kulia `INTRO_VIAZI`, chagua `Duplicate`, ipe jina jipya na uiache ikiwa imeteuliwa. Rudi kwenye kipindi cha 12, bofya kulia klipu ya intro, chagua `Replace With Clip > From Bin`. Tahadhari moja: kama ndani ya intro kuna sikwensi nyingine, labda nembo inayozunguka uliyoitengeneza peke yake, nakala mpya bado inaitumia ileile. Ukiigusa nembo kwenye nakala, umeigusa na kule kwingine. Nayo inabidi inakiliwe na kubadilishwa.

Vipindi vyote viwe kwenye projekti moja. Ukiingiza intro kwenye projekti nyingine kwa `Import`, unapata nakala inayojitegemea. Ukirekebisha ya asili, yenyewe haina habari.

Wanaotumia DaVinci Resolve, jina mtakalolikuta ni `New Compound Clip`. Kuingia ndani ni `Open in Timeline`, na kuifungua iwe vipande tena ni `Decompose in Place`. Kwenye Final Cut Pro nako ni `New Compound Clip`, na ukitaka moja itengane na wenzake kuna `Reference New Parent Clip`. Kdenlive, ambayo ni ya bure, ina sikwensi ndani ya sikwensi tangu toleo la 23.04, ukiwa na la zamani zaidi, hutaipata.

Mwisho ni kuhusu zile video zilizokwisha kutoka. Nembo ikibadilika ndani ya projekti, faili za MP4 ulizokwisha kutoa hazibadiliki; kila kipindi lazima kitolewe upya. Na vilivyoko YouTube havibadilishiki kwa kiungo kilekile: unapakia video mpya, inapata kiungo kipya, inaanza kuhesabiwa watazamaji upya. Kwa hiyo mfadhili akiuliza nembo mpya itachukua muda gani, kubadilisha ni dakika tano, kutoa vipindi tisa ni saa kadhaa za kompyuta yako, na kama vitatu kati ya hivyo vimekwisha kupakiwa, aamue mwenyewe kama anataka vipakiwe upya au vibaki na nembo ya zamani. Bei itajwe kwa mafungu hayo matatu.