Hiyo 40,535 Ndiyo Sehemu Yako

Ketini, wazazi wangu. Yule baba wa nyuma ameinua mkono tangu niingie, na swali lake nalijua: "Serikali inatoa shilingi 22,244 kwa kila mtoto wa sekondari, si nizitoe kwenye ile karo ya 40,535 nilipe elfu kumi na nane?" Hapana, baba. Kila mkutano nalijibu, na leo nalijibu tena.

Waraka wa karo wa Wizara ya Elimu ya Kenya unahesabu hivi. Mtoto wa sekondari ya bweni ya kaunti anagharimu 62,779 kwa mwaka. Serikali inabeba 22,244, zinazobaki 40,535 ni zako. Mgao huo wa serikali umeshaondolewa kwenye hesabu kabla hujaiona karatasi, na unaingia kwenye akaunti ya shule, si mfukoni mwako. Zile shule kubwa za kitaifa, sehemu ya mzazi ni 53,554.

Sasa shikeni karatasi zenu. Karo hugawanywa hamsini, thelathini, ishirini. Kwa hiyo muhula wa kwanza ni 20,267 na senti kidogo, wa pili 12,160, wa tatu 8,107. Muhula wa kwanza unauma, lakini hujaibiwa.

Kuna mama aliyeniletea karatasi ya 27,767. Mstari wa juu, karo 20,267. Safi kabisa! Chini, kwa herufi za kusomwa na sisimizi: maendeleo 4,000, motisha 2,000, masomo ya ziada 1,500. Kikomo hakivunjwi pale juu, mama, huvunjwa chini. Usisome jumla, soma kila mstari, na mstari usiomo kwenye waraka uulizie kibali.

Mtaniambia, "Lakini wazazi tulikubaliana ukumbini." Mlipiga makofi, ndiyo. Makofi si kibali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inataka malipo kama hayo yaidhinishwe na Waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Na hata yakiidhinishwa, mtoto asizuiwe kuhudhuria shule kwa sababu hayajalipwa. Kwa hiyo ukimwona wako langoni na sanduku kwa ajili ya motisha, mwulize mwalimu mkuu hicho kibali kiko wapi. Kwa heshima, lakini mwulize.

Simlaumu mwalimu mkuu kwa kila kitu. Mgao huchelewa, na mara nyingine hufika pungufu, huku aliyekopesha maharagwe amesimama mlangoni pa ofisi. Pengo hilo ni la kweli. Ila ni deni la Hazina, na si halali kulihamishia kwako kwa jina la maendeleo.

Saa inanikimbiza. Wa shule za kutwa: karo ya masomo hamlipi, chakula cha mchana mnalipia. Na wote, hakikisheni mtoto yumo kwenye mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi. Mgao hutumwa kwa majina yaliyomo humo. Asiyekuwemo hula mgao wa wenzake, na cheti cha kuzaliwa ndicho hukwamisha wengi. Kama hana, anza kukifuatilia kesho asubuhi.

Haya baba, sasa uliza lingine.