Muvingi Avareji Inakuonyesha Bei ya Lini? Mhadhara kwa matreda wanaoanza

Haya ndugu zangu, habari za jioni, naona wengine mmekaa chini huko nyuma, sogeeni mbele viti vipo. Leo naongea jambo moja tu, na nataka mtu akitoka hapa awe amelielewa mpaka anaweza kumwelezea mdogo wake nyumbani: ile mistari miwili ya muvingi avareji, yani wastani wa bei za siku kadhaa zilizopita, mnayoweka kwenye chati, ule wa haraka na ule wa polepole, ikikatana mnasema "signali hiyo", kwa nini kila siku inakatana bei ikishaondoka? Watu wananiuliza sana hili swali, wanadhani wamekosea setingi au broka anawachezea. Hakuna aliyekuchezea. Kuchelewa kumo ndani ya hesabu yenyewe.

Tuiache chati kwanza twende sokoni. Chukua mama anayeuza nyanya, tenga moja siku ya kwanza ni 20,000, kesho yake 22,000, halafu 24,000, 26,000, na leo ni 28,000. Mwambie akupe wastani wa siku tano. Anajumlisha anagawa kwa tano anapata 24,000. Sasa niambieni, 24,000 ni bei ya lini? (Sauti: ya juzi!) Ya juzi, sawasawa. Leo tenga ni 28,000 lakini wastani wako unasoma bei ya juzi, na mama hajakosea hesabu hata shilingi moja. Umechanganya siku tano, ya leo ina umri sifuri, ya jana ina umri wa siku moja, mpaka ile ya kwanza yenye siku nne, ukichukua wastani wa hizo umri unapata mbili. Kwa iyo wastani wa siku tano ni taarifa yenye umri wa siku mbili, na hiyo ndio maana halisi ya kuchelewa, wala hakuna uchawi mwingine.

Kanuni yake ni fupi, chukua idadi ya siku toa moja gawa kwa mbili:

```
umri = (n - 1) / 2
```

Ya siku 50 ina umri wa siku 24 na nusu za soko, yani kama wiki tano. Ya siku 200 ina umri wa siku 99 na nusu, na kwa kuwa wiki ya soko ni siku tano hiyo inakaribia miezi mitano. Mtu anaangalia mstari wa 200 leo anadhani anaona soko la leo, kumbe anaoneshwa katikati ya miezi tisa na kitu iliyopita.

Fungueni simu zenu tufanye kitu kidogo, mwenye MetaTrader aweke Moving Average, pale kwenye Period aandike 50, halafu pale kwenye Shift aandike -25. Umeona? Mstari umekaa katikati ya bei vizuri kabisa, kila kilele unakifuata, kila bonde unaingia nalo. Huo ndio mahali pake halisi ule wastani, katikati ya zile siku 50. Lakini angalia upande wa kulia, mstari umeishia kendo 25 kabla ya leo, yani siku 25 kwenye chati ya siku, hapo mbele hakuna kitu, ni tupu. Ili uujaze unahitaji bei za siku 25 zijazo na hizo hakuna mtu anazo. Sasa sisi tunachofanya kila siku ni kuuchukua ule mstari tunausukuma kulia mpaka ufike leo ili tuweze kuutumia, na gharama ya kuusukuma ndio kule kuchelewa. Ukielewa hiki nilichowaonyesha sasa hivi umeelewa zaidi ya nusu ya mhadhara.

Najua kuna mtu anataka kusema "kaka mimi natumia EMA, ile aina nyingine ya muvingi avareji, hiyo ni ya haraka". Ngoja. EMA inachukua sehemu ya bei ya leo inaichanganya na EMA ya jana, na kwa ya 50 hiyo sehemu ya leo ni 2 gawa kwa 51, karibu asilimia 4, wakati kwenye wastani wa kawaida siku ya leo ina asilimia 2 tu. Ndio maana soko likigeuka ghafla EMA inashtuka mapema kidogo, hapo uko sahihi. Lakini EMA haisahau, ile bei ya miezi mitatu nyuma bado imo humo ndani kidogo kidogo, na ukipiga wastani wa umri wa kila kilichomo unapata tena 24 na nusu, vilevile. Bei ikipanda kwa mstari ulionyooka zote mbili zinabaki nyuma sawasawa. Na hizi avareji nyingine kama Hull zinazosemwa hazicheleweshi, zinafanya hivyo kwa kutoa, yani bei za zamani zinapewa uzito wa hasi, mstari unasogea mbele kweli ila soko likigeuka unapitiliza, unaonyesha juu zaidi ya bei ilipofika kweli. Uzito wote ukiwa chanya, njia pekee ya kupata umri sifuri ni kuipa bei ya leo uzito wote, na hapo huna wastani tena, una bei yenyewe.

Sasa krosova, yani kule kukatana kwa mistari. Tukitumia mistari miwili tunachukua taarifa moja yenye umri na nyingine yenye umri mkubwa zaidi, tunasubiri ile ya kwanza iipite ya pili. Nimeandika ubaoni bei za siku 13, tutumie wastani wa 3 na wa 6 ili hesabu iwe fupi:

```
100 98 96 94 92 90 92 94 96 98 96 94 92
```

Siku ya sita bei iko chini kabisa, 90. Wastani wa 3 unasema 92, wa 6 unasema 95. Siku ya saba bei imegeuka iko 92 lakini wastani wa 3 bado unashuka, uko 91.33. Siku ya nane bei 94, wa 3 ni 92 na wa 6 ni 93, bado. Siku ya tisa bei 96, wa 3 umefika 94 wa 6 ni 93, umekata, unanunua kwa 96. Kutoka 90 mpaka 98 soko lilipanda 8 na wewe umeingia 6 zikiwa zimeshaliwa. Tuendelee. Siku ya kumi ni 98, hapo ndio kilele, ya kumi na moja 96, ya kumi na mbili bei iko 94 na mistari inasema 96 kwa 95, bado inakwambia "kaa". Siku ya kumi na tatu bei 92, wa 3 ni 94 wa 6 ni 95, umekata kushuka, unauza. Umenunua 96 umeuza 92, umepoteza 4 kwenye soko ambalo lilipanda 8. Nimesema hata bila gharama za broka, na bila kuhesabu kwamba signali inathibitika kendo ikishafunga kwa iyo kiukweli unaingia kendo inayofuata. Mkitoka hapa rudieni hii hesabu kwa kalamu, tafadhali, msinukuu tu kutoka kwangu.

Hapo ndio mnaona tatizo la soko la renji, linalopanda na kushuka ndani ya uzio. Kama kupanda kwenyewe ni kufupi kuliko kuchelewa kwa mistari yako utakuwa unanunua karibu na juu unauza karibu na chini, tena na tena, na kila signali ikitazamwa peke yake iko sahihi kabisa kihesabu. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza nilipigwa mara saba mfululizo kwa namna hii, nikawa nabadilisha namba, leo 9 na 21, kesho 10 na 30, nikidhani iko namba ya siri. Ukifupisha unachelewa kidogo lakini unakatwa mara nyingi, ukirefusha unakatwa mara chache lakini unachelewa sana.

Mfano wa kweli, S&P 500, fahirisi ya hisa za kampuni kubwa za Marekani, mwaka 2020, wakati wa korona. Kilele kilikuwa tarehe 19 Februari, ilifunga 3386. Chini kabisa ni 23 Machi, 2237. Wastani wa 50 ulikata chini ya ule wa 200, wanaouita msalaba wa kifo, tarehe 30 Machi, wiki nzima baada ya kufika chini! Siku hiyo fahirisi ilikuwa 2626, imeshapanda asilimia 17 kutoka chini. Kwa nini? Kwa sababu zile siku 50 zilianzia katikati ya Januari, karibu nusu yake ni bei za kabla soko halijaanguka, na hizo ndizo zilizoushikilia mstari juu. Halafu msalaba wa dhahabu, wa kupanda, ukaja tarehe 9 Julai bei ikiwa 3152. Aliyeuza signali ya kwanza akarudi kwa ya pili alinunua ghali kwa asilimia 20 kuliko alivyouza.

(Swali kutoka kwa dada mmoja: sasa kaka si bora tuitupe tu?)

Hapana dada yangu, na ngoja nikupe fahirisi ileile na namba zilezile. Desemba 2007 mistari ilikata kushuka, S&P ikiwa karibu 1480, wakati kilele cha Oktoba kilikuwa 1565, kwa iyo ilichelewa vilevile. Lakini soko liliendelea kushuka mpaka Machi 2009, 676. Ilipokata kupanda Juni 2009 bei ilikuwa karibu 895. Aliyefuata alichelewa kutoka na akachelewa kurudi, na bado aliuza 1480 akanunua 895. Kuanguka kwa 2020 kulichukua kama wiki tano, kule kwa 2008 kulichukua miezi 17, na umri wa mistari ni uleule mara zote mbili.

Kwa iyo ninachofanya mimi kabla sijaigusa krosova, narudi nyuma kwenye chati ileile ninayotaka kuitredi, nahesabu ile miondoko kumi ya mwisho kila mmoja ulichukua kendo ngapi kutoka bonde mpaka kilele, naandika daftarini. Halafu naangalia mstari wangu wa polepole una umri wa kendo ngapi. Miondoko ikiwa ya kendo 30 na mstari wangu una umri wa 99 siuwashi kabisa. Haya, nani mwingine alinyoosha mkono?