Kompyuta moja, seva na gemu: Je, itabeba?

ZAWADI: Haya, tunarekodi. Leo kuna swali la msikilizaji, na bahati nzuri kalileta likiwa limekamilika. Ana kompyuta ya mezani yenye prosesa ya viini vinne na RAM ya GB 16. Anataka kufungua dunia ya Minecraft, ile ya Java, aingie na marafiki wanne. Seva ikae kwenye mashine hiyohiyo anayochezea yeye. Kaka Hamisi, itabeba?

HAMISI: Itabeba. Watu watano kwenye mashine hiyo ni mzigo wa kawaida. Ila itabeba kwa masharti, na watu wengi huyakosea masharti yenyewe. Mtu anakimbilia kuipa seva RAM nyingi, kumbe inayomsumbua ni prosesa.

ZAWADI: Kabla ya hapo, kuna njia ya mkato. Ndani ya gemu kuna kitufe cha Open to LAN. Unabonyeza, wenzako wanaingia. Seva ya pembeni ya nini?

HAMISI: Kwa walio nyumba moja, jioni moja, kitufe hicho kinatosha kabisa. Tatizo lake ni kwamba dunia inaishi ndani ya gemu lako. Ukitoka, wote wametoka. Gemu likianguka, dunia nayo imeanguka. Seva ya kujitegemea ni programu nyingine kabisa: unaweza kufunga gemu ukaenda kulala, wenzako wakaendelea kujenga. Na kuna jambo la pili, unaweza kuiwekea mipaka yake ya RAM na ya dunia, bila kugusa gemu lako.

ZAWADI: Sawa. Tuanze na RAM basi, maana ndiyo kila mtu anaiuliza.

HAMISI: Piga hesabu na mimi. Mfumo wa kompyuta, na kivinjari chenye kurasa mbili tatu, na programu ya kuongea na wenzako, weka GB 4. Gemu lenyewe weka GB 3 hadi 4. Seva ya watu watano bila modi nzito, GB 4 zinatosha. Amri ya kuiwasha ni hii:

```
java -Xms4G -Xmx4G -jar server.jar nogui
```

Hiyo 4G ni sehemu tu ya kumbukumbu ambayo Java inaruhusiwa kuhifadhia vitu vya dunia. Java yenyewe ina matumizi yake mengine juu ya hapo, kwa hiyo ukitazama Task Manager utakuta seva imekula zaidi ya GB 4. Usishtuke. Jumla yako inafika kama GB 13, na mashine bado inapumua.

ZAWADI: Na akiipa 10? Anazo 16.

HAMISI: Hapo anajiumiza. Seva haitakimbia zaidi kwa kupewa nafasi isiyoihitaji, halafu mfumo na gemu vinabanwa. RAM ikiisha, kompyuta inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski hata iwe ya kasi namna gani haiwezi kufanya kazi ya RAM. Utaona kila kitu kinaganda kwa pamoja: gemu, sauti za wenzako, mpaka kishale cha kipanya.

ZAWADI: Mwenye GB 8 je?

HAMISI: Atabanana. Seva GB 2, gemu GB 2, kivinjari kimefungwa kabisa. Wawili au watatu watacheza. Watano sitamshauri.

ZAWADI: Sasa hiyo prosesa. Kuna malalamiko nimeyasikia mara nyingi: mtu anasema seva inaganda, lakini akifungua Task Manager anaona prosesa iko asilimia 30 tu. Anakwambia mashine ina nafasi tele.

HAMISI: Hapo ndipo penye kiini cha habari yote. Seva ya Minecraft inaiendesha dunia kwa mizunguko, wachezaji wanaiita tiki. Ziko 20 kwa sekunde, maana yake kila tiki ina milisekunde 50. Ndani ya hizo 50, seva isogeze kila ng'ombe na kila jini la usiku, ioteshe mazao, isukume maji, ihesabu saketi zote za redstone. Na kazi hii kubwa inafanyika kwa mstari mmoja, hatua baada ya hatua, kwenye kiini kimoja cha prosesa. Vile vingine vinasaidia mambo ya pembeni, kama kutengeneza ardhi mpya, lakini uti wa mgongo ni mmoja.

ZAWADI: Kwa hiyo ile asilimia 30...

HAMISI: Ni wastani wa prosesa nzima. Kama prosesa yake ya viini vinne inaonyesha nyuzi nane, yaani njia nane za kupitishia kazi, uzi mmoja uliojaa pomoni unaonekana kama asilimia 12 na nusu tu. Seva imezidiwa, na jedwali linakwambia mambo shwari. Usitazame asilimia ile. Iulize seva yenyewe. Kuanzia toleo la 1.20.3 kuna amri hii, unaiandika kwenye dirisha la seva:

```
tick query
```

Itakupa wastani wa muda wa tiki moja, na chini yake P50, P95 na P99. Wastani ukiwa milisekunde 15 au 20, starehe. Ukikaribia 50, huna akiba tena. Na utazame P99, maana ndiyo inayoonyesha zile tiki mbaya zaidi. Wastani unaweza kuwa 18 halafu P99 ikawa 120, na hiyo 120 ndiyo mshtuko ambao mwenzako anausikia katikati ya pambano.

ZAWADI: Na lile onyo linaloanza na Can't keep up!

HAMISI: Hilo linakuja seva ikiwa imeshaachwa nyuma kwa sekunde nzima nzima. Likitokea mara moja wakati wa kuwasha, lipuuze. Likijirudia mkiwa mnacheza, kuna kitu kinakula muda.

ZAWADI: Kitu gani, mara nyingi?

HAMISI: Kutembea! Mtu mmoja kavaa elytra, anaruka kuelekea pasipojulikana. Dunia imegawanywa kwa vipande, chanki, kila kimoja mraba wa bloku 16 kwa 16. Pale ambapo hajafika mtu, chanki haipo. Inabidi iumbwe: milima, mapango, madini, vijiji. Hiyo ni kazi nzito kuliko kusoma chanki iliyokwisha kuhifadhiwa. Sasa fikiria marafiki wanne wametawanyika pande nne, kila mmoja anafungua nchi mpya, na wewe mwenye mashine unataka fremu 144 kwa sekunde.

ZAWADI: Siku ya kwanza ya dunia mpya ndiyo inakuwa mbaya kuliko zote, basi.

HAMISI: Kabisa. Watu wanaihukumu mashine yao siku hiyohiyo, wakati wiki ya pili ingekuwa laini. Dawa yake ni kuumba ardhi kabla ya wachezaji. Ukitumia Paper au Fabric, programu za seva zinazokubali nyongeza, unaweka ile inayoitwa Chunky:

```
chunky radius 2000
chunky start
```

Radiasi ya bloku 2,000 ni mraba wa 4,000 kwa 4,000, sawa na chanki 250 kwa 250. Hizo ni chanki 62,500. Iache usiku ifanye kazi, wewe umelala. Kisha funga mpaka:

```
worldborder set 4000
```

Hapo namba ni upana mzima, si radiasi. Watu huchanganya.

ZAWADI: Mpaka wa bloku 4,000 wengine watanung'unika.

HAMISI: Wanung'unike, utausogeza baadaye ukishaumba zaidi. Jambo jingine liko kwenye faili la server.properties:

```
view-distance=7
simulation-distance=5
```

Zote mbili huja zikiwa 10. Ya kwanza ni umbali ambao seva inamtumia mchezaji ardhi ya kuona. Kwa 10, kila mtu anazungukwa na chanki 21 kwa 21, yaani 441. Kwa 7 ni 15 kwa 15, sawa na 225. Karibu nusu ya mzigo imeondoka, na kwa macho hasara ni ndogo. Ya pili ni umbali ambao vitu vinaishi: wanyama wanatembea, mazao yanakua. Hiyo ndiyo inayopunguza milisekunde za tiki.

ZAWADI: Lakini mwenye shamba mbali ataona halikui.

HAMISI: Halikui mpaka asogee karibu. Ndiyo bei yake.

ZAWADI: Na upande wa gemu la mwenye mashine? Maana yeye ndiye jirani mgomvi hapa.

HAMISI: Max Framerate aiweke 60, au sawa na kioo chake. Ikiachwa bila kikomo, gemu linachukua kila nafasi ya prosesa linayoipata, na seva inagombea. Kwa laptopu ni kali zaidi, kwa sababu mara nyingi prosesa na kadi ya michoro vinapoozwa na mfumo mmoja. Dalili yake naipenda: nusu saa ya kwanza safi, halafu muda wa tiki unapanda polepole ingawa hakuna kilichobadilika duniani. Hilo ni joto, prosesa imejipunguzia kasi.

ZAWADI: Tuseme jioni inakuja lawama: "Seva yako inaganda!" Atajuaje kosa ni la nani?

HAMISI: Aulize wanaona nini. Kama ni yeye peke yake anaona picha inakatikakatika, ni gemu lake na kadi yake, seva haina kosa. Kama wote, pamoja na yeye, wanavunja bloku halafu inarudi, na wanyama wamesimama kama wamepigwa picha, tiki zimezidi 50. Na kama yeye hana shida yoyote lakini wenzake wanarushwa nyuma kila wakikimbia, hiyo ni intaneti yake, upande wa kupakia. Yeye anaingia kwa `localhost`, data zake hazitoki hata nje ya mashine, kwa hiyo hatalisikia tatizo hilo kamwe. Mara nyingi nyumbani kuna kitu kinapakia video au picha wakati huohuo.

ZAWADI: Na wenzake wasipoweza kuingia kabisa?

HAMISI: Afungue poti 25565 ya TCP kwenye ruta, ielekee kwenye kompyuta yake. Kabla ya kuhangaika, alinganishe anwani ya WAN iliyo kwenye ruta na ile anayoonyeshwa na tovuti ya kuangalia IP. Zikitofautiana, mara nyingi kampuni yake ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kufungua poti kwake hakutasaidia. Atumie mtandao wa faragha kama Tailscale au ZeroTier. Na poti ikiwa wazi, aweke `white-list=true` kwenye server.properties, kisha aorodheshe majina ya wenzake. Wapo wanaozunguka mtandaoni kutafuta seva zilizo wazi.

ZAWADI: La mwisho. Mtu ana laptopu ya zamani kabatini, kadi ya michoro haina maana. Aitumie?

HAMISI: Kwanza aijaribu hiyo! Seva haichori chochote, kadi haihitaji. Ikiwa na GB 8 na prosesa isiyo ya kizamani sana, aiunganishe kwa waya kwenye ruta, azime kulala kwa kompyuta, kisha aitazame `tick query` wote watano wakiwa ndani. Ikikaa chini ya 40, ugomvi wa gemu na seva umeisha. Ila asizime kwa kufunga dirisha. Aandike `stop`, asubiri dunia ihifadhiwe, ndipo anakili folda ya `world` pembeni.