Udongo Unapoining'inia Paili

Ndugu zangu wahandisi na mafundi, jioni hii nitazungumzia mzigo mmoja ambao hauonekani kwenye mchoro wa jengo. Unatoka kwenye udongo wenyewe.

Chukueni kiwanja cha bondeni. Chini kuna mfinyanzi laini wa mita 10, maji yamefika usawa wa ardhi, na chini yake kuna mchanga ulioshikana. Mwenye kiwanja anamwaga kifusi cha mita 2 ili mafuriko yasimfikie, kisha anapigilia paili za zege hadi kwenye mchanga. Kifusi kinaukandamiza mfinyanzi, maji yanatoka polepole, nao unatitia. Paili imesimama kwenye mchanga, haishuki. Basi udongo unaoshuka unaishika ubavuni na kuivuta chini. Ubavu tuliotegemea utubebee mzigo umegeuka kuwa mzigo.

Tupige hesabu. Paili ni ya mraba, milimita 400 kila upande, kwa hiyo mzingo ni mita 1.6. Kifusi kina uzito wa kilonyutoni 18 kwa mita ya ujazo, na mfinyanzi, ukiondoa nguvu ya maji, 6. Mkandamizo juu ya mfinyanzi ni 36, chini yake 96, wastani 66. Kwa mfinyanzi laini msuguano ni kama robo ya mkandamizo huo, yaani 16.5 kwa mita ya mraba. Zidisha kwa 1.6 na kwa mita 10: kilonyutoni 264. Kifusi chenyewe kinaongeza kama 20. Jumla ni 284, karibu tani 29, kabla hujapandisha tofali moja.

Tuseme mzigo wa kudumu wa jengo ni 600 kwa kila paili. Chini ya mfinyanzi paili inabeba 884. Wengi hapo huongeza na mzigo wa watu na bidhaa, na mimi naona wanakosea. Mzigo unaokuja na kuondoka huishusha paili kidogo, na mshuko huo mdogo huurudisha msuguano juu. Kwa hiyo pima zege kwa 884, kisha kwa mzigo wote wa jengo bila mvuto wa udongo, uchukue iliyo kubwa.

Zege la paili hii halitishwi na 884. Wasiwasi wangu uko kwenye mchanga. Tuseme unaweza kutoa 700 tu, kwa ubavu na kwa ncha. Paili haitaanguka ghafla. Itashuka, na ikishuka sehemu ya chini ya mfinyanzi itaanza kuisukuma juu, hadi nguvu zilingane. Kwa hesabu yetu zinalingana mita 2.6 juu ya mchanga. Pale paili na udongo vinashuka kwa kiasi kimoja, na hapo ndipo pa kuangalia. Kama mfinyanzi huu unapungua nusu milimita kwa kila mita unapoongezewa mkandamizo wa kilonyutoni 1 kwa mita ya mraba, basi mita hizo 2.6 zitatitia milimita 47, na jengo litazifuata. Ukipigilia paili ndani zaidi ya mchanga hadi 884 zipatikane, mshuko huo unakaribia kwisha. Mimi ningeongeza urefu.

Wengine husema tusubiri kifusi kimalize kazi. Mfinyanzi huu wote utatitia milimita 180, na kwa kasi ya kawaida asilimia 90 huchukua kama miaka 10. Zinazobaki ni milimita 18, na msuguano hukamilika udongo ukiteleza milimita chache tu kwenye paili. Kusubiri kumepunguza titio, lakini mvuto umebaki karibu vilevile.

Dawa nyingine ni lami. Pale Sørenga, bandarini Oslo, miaka ya 1960 Laurits Bjerrum na wenzake walipima paili ndefu za chuma zilizofika mwambani kupitia kifusi na mfinyanzi wa baharini, wakakuta mvuto wa takriban kilonyutoni 4,000 kwa paili moja. Paili zilizopakwa lami ya kama milimita 1 zilivutwa kwa takriban sehemu ya kumi tu. Lakini lami hukwanguliwa ikipita kwenye kifusi chenye mawe, kwa hiyo toboa kwanza tundu kwenye kifusi. Na usiipake sehemu itakayokaa mchangani, kule tunautaka msuguano.

Nimewahi kukagua ghala la namna hii. Sakafu iliyolala juu ya kifusi ilikuwa imeshuka, boriti zilizobebwa na paili zimebaki juu, na mkono wangu ulipita wote chini ya boriti. Bomba la maji taka lilikuwa limekatika palepale lilipoingia ukutani.