Mbio Fupi za Jumamosi na Msuli wa Nyuma ya Paja

ACHIENG: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Kocha Mutua, tangu Ferdinand Omanyala akimbie mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani, Septemba 2021, hata watu wa ofisini wanataka mbio fupi. Lakini wengi wanaotuandikia wanalalamikia nyuma ya paja.

MUTUA: Na kuna sababu. Ukikimbia kwa kasi, msuli wa nyuma ya paja hupata kazi ngumu zaidi muda mfupi kabla wayo haujagusa ardhi. Mguu umetupwa mbele, goti linakunjuka, na msuli huo ndio unaoufungia breki huku wenyewe ukivutwa. Mara nyingi hapo ndipo unapochanika.

ACHIENG: Sasa mkao wa mwili unahusikaje?

MUTUA: Nikupe mfano. Kuna dada anayefanya kazi Upper Hill, alinijia paja likimvuta kila akipiga mbio. Tukamrekodi kwa simu kutoka ubavuni, kisha tukasimamisha video pale kiatu kinapogusa nyasi. Wayo ulikuwa umetua mbali mbele ya nyonga, kifua kimeinama, mgongo wa chini umebinuka, makalio yamebaki nyuma. Nyonga ikiinamia mbele hivyo, ule mfupa tunaoukalia hupanda, na msuli wa paja umeshikilia hapo. Kwa hiyo msuli ulikuwa umevutwa tayari hata kabla mguu haujaenda mbele.

ACHIENG: Lakini si huwa tunaambiwa tuiname?

MUTUA: Unapoondoka tu, na mwinamo huo uanzie kwenye vifundo vya miguu, mwili ukiwa mstari mmoja kutoka kisigino hadi kichwani. Kujikunja kiunoni ni jambo jingine kabisa. Mtu wa kawaida, akifika mita 20 au 30, awe ameshasimama wima: macho mbele, mbavu zimeshuka, nyonga juu, na anakanyaga karibu chini ya mwili wake. Yule dada alikuwa akitafuta hatua ndefu. Nikamwambia aache kuurusha wayo mbele, autie nguvu chini.

ACHIENG: Na mikono?

MUTUA: Yake ilikuwa ikikatiza mbele ya kifua. Mikono husawazisha mzunguko wa nyonga. Ikikatiza, mabega yanazunguka na miguu nayo inayumba. Mkono utembee kutoka begani. Kiganja kifike usawa wa shavu mbele, kisha kishuke hadi pembeni mwa nyonga. Kiwiko kiwe kama nyuzi 90 mbele na kifunguke kidogo mkono unaposhuka. Fikiria kukisukuma kiwiko nyuma, mbele kitarudi chenyewe. Na usikunje ngumi, maana ngumi ikikaza, shingo nayo inakaza.

ACHIENG: Mtu aliye peke yake atajuaje anakosea?

MUTUA: Aketi kwenye nyasi, miguu imenyooka, apige mikono kwa kasi. Ikikatiza, kiwiliwili kitapinda kulia na kushoto. Ikienda sawa na kwa nguvu, makalio yataruka kidogo pale pale. Napenda sana zoezi hili kwa sababu mwili unajibu papo hapo.

ACHIENG: Tuje kwenye kupasha mwili moto. Mtu amekaa kwenye jam ya Thika Road saa nzima, anashuka, anafunga kamba, anaruka.

MUTUA: Huyo namwogopea, hasa baridi ya Julai. Msuli baridi haukazi wala kulegea upesi, na mbio fupi hazimpi nafasi ya kuzoea. Tenga dakika 25. Anza na mchakamchaka wa dakika 6 au 7 ukiwa na traksuti. Kisha bembeza miguu mbele na nyuma, piga hatua ndefu ukishuka goti, halafu ruka ukiinua magoti huku mikono ikifanya ile kazi tuliyoitaja. Usikae umevuta msuli mmoja dakika nzima kabla ya kukimbia, kwa sababu hupunguza nguvu kwa muda. Weka hiyo mwishoni.

ACHIENG: Halafu ndiyo mbio?

MUTUA: Bado. Kimbia mita 50 kwa asilimia 60 ya kasi yako, rudi ukitembea. Kisha 70, 80, na 90. Hapa ndipo wengi huruka hatua. Ukifika 80 na paja moja bado linavuta, siku hiyo usizidishe hapo. Ukiwa sawa, vua traksuti, piga mita 40 mara nne, ukipumzika dakika 4 kila mara. Kasi ikishuka waziwazi, funga kazi, kwa sababu msuli uliochoka hufunga breki vibaya.

ACHIENG: Na nikisikia paja limechoma ghafla katikati ya mbio?

MUTUA: Punguza mwendo taratibu, usimame, na usijaribu kulinyoosha ili ujue limeumia kiasi gani. Ukichechemea kesho yake, au ukiona ngozi imevilia damu, muone mtaalamu wa tiba ya viungo kabla hujarudi uwanjani.