Kitenzi kinachotembea hewani

Haya jamani, walioko nyuma sogeeni mbele, leo mtatazama kuliko kusikiliza. Hapa Tanga tukiona viziwi wanaongea pale soko la samaki tunasema wanaigiza kwa mikono, au tunadhani wanakifasiri Kiswahili neno kwa neno. Yote mawili siyo, ile ni lugha ya alama, lugha kamili yenye sarufi yake, na sentensi moja tu inatosha kuonyesha: Asha alimpa Juma samaki.

Kwenye Kiswahili nani kampa nani tunajua kwa viambishi, "a-" ndo mtoaji, "-m-" mpokeaji. Sasa angalieni mikono yangu. Namtaja Asha, namwonyesha hapa kulia, hewani tu, hayupo mtu. Namtaja Juma, namweka kushoto. Kuanzia sasa hizo sehemu mbili ni zao mpaka nizibadilishe. Halafu natoa alama ya kupa, mkono unaanza kulia unaishia kushoto, basi, imeisha, Asha kampa Juma. Nikianzia kushoto nikaishia kulia, Juma ndo kampa Asha. Mkono ule ule, njia tu imegeuka. Ukikosea hapo hujaigiza vibaya, umekosea sarufi, na kiziwi atakuuliza nani kampa nani bwana?

Na kuna zaidi. Nikitaka kusema nimewapa wote, mkono unapita kama upinde mara moja. Nikitaka kusema nimempa kila mmoja wake, unasimama hapa, hapa, na hapa. Hii imechunguzwa sana kwenye Lugha ya Alama ya Marekani. Ila siyo kila kitenzi kinatembea, kupenda kwa mfano, kwa Wamarekani hao, kunakaa kifuani, hakutoki, kwa hiyo watu wanatajwa au kuonyeshwa kwa kidole pembeni yake. Mwigizaji hana vizuizi vya namna hiyo, lugha inavyo. (Na Mwingereza kiziwi hamwelewi huyo Mmarekani kirahisi, ingawa majirani zao wote wanaongea Kiingereza.)

Sasa kuna wale wanaotaka mikono ikifuate Kiswahili, "a", "li", "m", "pa", kila kimoja kiwe na alama yake. Marekani walijaribu kwenye miaka ya 1970, wakatunga Kiingereza cha mikono chenye alama mpaka za viambishi. Shida ni muda, maana alama moja inachukua karibu mara mbili ya neno moja la mdomo, lugha ya alama halisi inafidia kwa kubebesha mambo mengi kwenye mwendo mmoja kama nilivyofanya kwa Asha, ukiyatenganisha sentensi inakuwa ndefu mno na mtu anasahau mwanzo wake. Samuel Supalla, mtafiti ambaye mwenyewe ni kiziwi, aliwachunguza watoto viziwi waliofundishwa mfumo huo tu, bila kuona lugha ya alama halisi. Mwaka 1991 aliandika alichokikuta, watoto walikuwa wameanza wenyewe kuhamisha vitenzi hewani, kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, kitu ambacho walimu wao hawakuwafundisha.