Umefika Ujerumani, Uanze Wapi? Jibu kwa Mnaoniuliza Kila Siku

Haya jamani, hamjambo Mombasa. Kila nikifungua komenti nakuta swali lilelile: "Nimefika, nina viza, nifanye nini kwanza?" Nikijibu kwa urefu naambiwa najigamba, nikitaja gharama naambiwa nalalamika na nirudi nyumbani. Leo sijigambi wala silalamiki, nasoma karatasi tu. Naongea na wale wanaokuja kwa mafunzo ya kazi, hasa ya uuguzi, maana ndio wengi mnaoandika. Wanafunzi wa chuo kikuu na waliofuata wenza wao wana masharti yao, msichanganye. Na mimi si wakili. Kila mtu na faili lake.

Usianze na vifungu vya sheria. Fungua pasipoti kwenye ukurasa wa viza, chukua kalamu, unakili vitu viwili: tarehe ya mwisho, na ile mistari midogo ya maelezo chini. Tarehe inakwambia lini uwe umeshaomba kibali cha ukaazi. Mistari inakwambia kazi gani unaruhusiwa.

Tuchukue mfano. Tuseme Mwanaisha wa Kisauni anafika tarehe 25 Agosti, mafunzo yanaanza tarehe 1 Septemba, viza inaisha tarehe 28 Februari. Mafunzo ni ya miaka 3, viza ni ya miezi sita. Hapo wengi hushtuka wakidhani wameibiwa. Hamna aliyeibiwa. Viza ni ya kukuingiza tu, kibali chenyewe unakiomba ukiwa huku.

Jambo la kwanza kwenye karatasi ya Mwanaisha ni kujiandikisha makazi, wenyewe wanaita Anmeldung. Ana wiki mbili tangu ahamie kwenye nyumba, kwa hiyo anaandika tarehe 8 Septemba. Kinachowarudisha watu dirishani ni mkataba wa nyumba. Unaupeleka ukidhani unatosha, na hautoshi. Inatakiwa karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha umehamia, jina lake Wohnungsgeberbestätigung, na kisheria mwenye nyumba lazima akupe. Kama unakaa bweni la hospitali, iombe ofisi inayosimamia bweni siku ileile unayopewa ufunguo. Ukichelewa kujiandikisha unaweza kutozwa faini, na sheria inaruhusu ifike hadi yuro 1,000.

Halafu kuna jambo dogo linaloumiza watu wengi: sanduku la barua mlangoni. Sisi tumezoea sanduku la posta lenye namba. Huku barua inafuata jina. Posta akifika na jina lako halipo kwenye sanduku, barua inarudi ilikotoka. Namba yako ya kodi inakuja kwa barua baada ya kujiandikisha, na mwajiri asipoipata kwa wakati anaweza kukukata kodi kwa daraja la juu kabisa. Watu wakaanza kusema mshahara umeliwa. Kata kipande cha karatasi, andika jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, bandika kwa selotepu siku ya kwanza. Ukikaa kwa mtu, jina lako likae chini ya lake.

Sasa tarehe 28 Februari. Hapa ndipo penye kazi. Ofisi ya wageni, Ausländerbehörde, katika miji mikubwa ina foleni ndefu, na miadi unaweza kupewa ya mwezi wa nne wakati viza inaisha wa pili. Watu huogopa. Lakini sheria ya ukaazi, kifungu cha 81, inasema ukiomba kibali kabla viza haijaisha, haki zako za viza zinaendelea mpaka ofisi iamue. Neno zito hapo ni "kabla". Na kuweka miadi si sawa na kuomba kibali. Mtu anashika tarehe ya miadi mkononi akidhani ameomba, kumbe viza imeisha na maombi hayamo. Kwa hiyo Mwanaisha haangalii Februari. Anaandika tarehe 1 Desemba: kutuma maombi. Ofisi ikiwa na fomu mtandaoni, anajaza na kuhifadhi ukurasa wa uthibitisho. Ikiwa haina, anaandika barua yenye jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti na anwani, na sentensi hii ya kuomba kibali cha ukaazi cha mafunzo pamoja na hati ya muda:

```
Hiermit beantrage ich eine Aufenthaltserlaubnis
nach § 16a AufenthG und eine Fiktionsbescheinigung
nach § 81 Abs. 4 AufenthG.
```

Anaambatisha nakala ya pasipoti na viza, mkataba wa mafunzo, uthibitisho wa bima ya afya, cheti cha kujiandikisha makazi, na hati za mshahara za miezi iliyopita. Anaituma kwa posta ya rejista na kutunza risiti, maana siku ya ubishi ndiyo itakayomsemea.

Hiyo Fiktionsbescheinigung ni hati ya muda inayoonyesha kwamba bado uko kihalali. Ada yake ni yuro 13, na kibali chenyewe ni yuro 100. Ukipewa, angalia visanduku vya ndani kabla hujaondoka kaunta. Kinachotakiwa kuwekwa alama ni cha kifungu cha 81, aya ya 4. Ukiwa na hicho unaweza kusafiri na kurudi. Kikiwekewa alama cha aya ya 3, usikate tiketi ya kuja Mombasa, unaweza kuzuiwa kurudi.

Nije kwenye kazi. Mafunzo ya uuguzi yanakuruhusu kazi ya pembeni hadi saa 20 kwa wiki. Zamani zilikuwa 10, zikaongezwa tarehe 1 Machi 2024. Lakini soma maneno yaliyochapwa. Beschäftigung ni kuajiriwa, yaani una mkataba na bosi. Erwerbstätigkeit ni kazi ya aina yoyote, pamoja na biashara yako. Ukiona selbständige Tätigkeit nicht gestattet, hujaruhusiwa kujiajiri. Kusuka nywele za watu kwa malipo chumbani, kupika biriani ya kuuza wikendi, hata chaneli yenye matangazo, hiyo yote ni kujiajiri. Mtasema nawaonea wivu. Sawa, semeni.

Kipindi cha majaribio cha uuguzi ni miezi sita, na mafunzo yakivunjika una wiki mbili za kuiarifu ofisi ya wageni. Usinyamaze. Ikiwa kosa si lako, lazima wakupe nafasi ya hadi miezi sita kutafuta mahali pengine pa mafunzo kabla ya kukufutia kibali. Anayejificha ndiye anayeipoteza nafasi hiyo.

Maajenti wanaowatoza pesa "kuwajazia fomu", mimi sina la kusema zaidi ya kwamba kujiandikisha makazi miji mingi ni bure.

Mlio bado huko, tazameni tarehe ya pasipoti kabla ya kitu chochote. Kibali hakitolewi kupita pasipoti. Ikibaki miezi 14, kadi ya kibali nayo ni ya miezi 14, halafu mzunguko mzima unaanza upya, na pasipoti mpya ukaitafute ubalozini Berlin kwa nauli yako. Ninyi ofisi ya pasipoti ya jengo la Uhuru na Kazi hapo mjini mnafika kwa matatu.